Bango la mita sita na dirisha la mita moja: picha ya akili bandia ikuzwe kwa njia gani?

Mama mmoja mwenye duka la leso katika barabara ya Biashara alinijia na picha moja kwenye simu. Mpwa wake alikuwa ameitengeneza kwa akili bandia, kwa kuandika maelezo tu: mwanamke wa Pwani aliyejitanda leso nyekundu, amesimama kwenye baraza, jua la asubuhi likimpiga ubavuni. Picha ilipendeza. Mama akataka itumike mahali patatu. La kwanza lilikuwa bango la fleksi la mita 6 kwa 2, la kufungwa juu ukutani, lionekane na watu wanaokuja kutoka ng'ambo. La pili ni ubao wa juu ya mlango, mita 4.8 kwa 1.2. La tatu, stika ya kioo cha dirisha, upana mita 1.2 na urefu mita 1.8.

"Hiyo stika ndogo haina shida, mwanangu," akaniambia. "Shida ni hilo bango."

Karibu kila mteja hufikiri hivyo, na mambo ni kinyume kabisa. Bango ndilo rahisi kuliko yote na dirisha ndilo gumu. Nitalinganisha njia tatu za kukuza picha nikitumia kazi hii moja, kwa sababu ilizihitaji zote.

Kwanza tujue tulichopewa. Faili la mpwa lilikuwa na pikseli 832 kwa 1216. Si kwamba kijana alikosea. Programu aliyoitumia, SDXL, ilifunzwa kwa picha zenye eneo la kama 1024 kwa 1024, yaani pikseli milioni moja hivi, na hufanya kazi vizuri ikiachwa hapo. Ukiilazimisha kutoa picha kubwa mara tatu kwa mkupuo mmoja, haitoi picha ile ile iliyo wazi zaidi. Inaanza kurudia: mwanamke wa pili anachomoza pembeni, kiwiliwili kinarefuka, mlango unakuwa milango miwili. Kwa hiyo ukubwa wa kuchapa haupatikani siku ya kutengeneza picha. Unapatikana baadaye, kwa kukuza, na hapo ndipo uamuzi wenyewe ulipo.

Mtazamaji anasimama wapi?

Jicho zima la kawaida hutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa kama sehemu moja ya sitini ya digrii. Ukiwa umbali wa mita 1, hiyo ni milimita 0.29. Inchi moja ina milimita 25.4, basi zinaingia nukta 87. Ndiyo hesabu ninayoitumia kila siku: chukua 87, gawa kwa umbali wa mtazamaji kwa mita, utapata pikseli kwa inchi ambazo jicho linaweza kuzifaidi. Mita 3 ni 29. Mita 12 ni kama 7 tu.

Mimi huzidisha jibu hilo mara mbili kazi ikiruhusu. Ukingo mkali, kama bega jeusi mbele ya ukuta mweupe, huonyesha vingazi vya pikseli hata pale ambapo nukta moja moja hazionekani tena. Lakini sihitaji zaidi ya hapo.

Sasa tuweke picha ya Mama mahali pake. Kwenye bango, mwanamke anasimama upande wa kulia akijaza kimo chote cha mita 2, na sehemu iliyobaki ni rangi na maandishi. Pikseli 1216 zikitandazwa kwenye mita 2 zinatoa 15 kwa inchi. Anayelitazama kutoka mita 12 anahitaji 7. Kwa maneno mengine, picha ya simu, kabla hatujaigusa, tayari ina mara mbili ya kile jicho linachoweza kuona kwenye bango lile. Kwenye dirisha, pikseli hizo hizo zinatandazwa kwenye mita 1.8 na kutoa 17. Ila njia ya miguu pale Biashara ni nyembamba, watu wanapishana kwa mabega, na mnunuzi wa leso hukisogelea kioo hadi mita moja au chini yake. Anahitaji 87. Tuna upungufu wa mara tano.

| Mahali | Mtazamaji wa karibu | Jicho linahitaji | Faili lilivyo |
|---|---|---|---|
| Bango, mwanamke mita 2 | mita 12 | 7 kwa inchi | 15 |
| Ubao, mwanamke mita 1.2 | mita 3 | 29 kwa inchi | 26 |
| Dirisha, mwanamke mita 1.8 | mita 1 | 87 kwa inchi | 17 |

Ukishaandika jedwali hili, nusu ya ubishi unakwisha. Umbali upime kwa miguu yako, usiukisie ukiwa ofisini.

Njia ya kwanza: kunyoosha tu

Hii ndiyo njia kongwe. Kompyuta inaongeza pikseli katikati ya zile zilizopo kwa kukadiria rangi kutoka kwa majirani. Haibuni kitu. Photoshop hufanya hivyo, CorelDRAW hufanya hivyo, na hata programu ya mashine ya kuchapa itafanya hivyo yenyewe ukiipa faili dogo. Ukipenda kuishika mwenyewe, amri moja ya ImageMagick inatosha:

```
magick mama.png -filter Lanczos -resize 300% mama-3x.png
```

Uzuri wake ni uaminifu. Sura inabaki ile ile, rangi ile ile, nakshi za leso hazigeuki kuwa kitu kingine. Ubaya ni kwamba picha inakuwa na ukungu, na ukungu huo unakua pamoja na picha. Kwa bango la Mama hilo halikuwa tatizo hata kidogo, kwa kuwa kwa mita 12 jicho lenyewe lina ukungu zaidi ya faili. Tulinyoosha mara tatu ili kingo za mabega zisionyeshe vingazi, na bango likawa tayari. Kazi ya dakika mbili.

Kuna wanaoniambia fundi wa mashine amekataa faili mpaka liwe "300". Tafadhali tulielewe jambo hili. Kuandika 300 badala ya 72 kwenye sanduku la mipangilio, bila kuongeza pikseli, hakubadilishi chochote isipokuwa ukubwa unaoandikwa kwenye karatasi. Na kuongeza pikseli kweli mpaka zifike 300 kwa inchi kwenye ubao wa mita 4.8 kutakupa faili la pikseli kama 56,700 kwa 14,200, zaidi ya milioni 800, ambalo litaigandisha kompyuta ya fundi bila kumwonyesha mpita njia chochote kipya. Mia tatu ni kipimo cha jarida na kadi ya harusi, vitu vinavyosomwa mkononi. Namba kubwa zilizoandikwa kwenye mashine yenyewe, 720 au 1440, ni za matone ya wino, si za pikseli za picha yako. Matone mengi hushirikiana kutengeneza rangi ya pikseli moja.

Njia ya pili: kukuza kwa kukisia

Hapa tunaingia kwenye programu kama Real-ESRGAN, iliyotoka mwaka 2021, au Upscayl, ambayo ni ya bure na imejengwa juu yake kwa wasiopenda kuandika amri. Ilifunzwa kwa kupewa picha zilizoharibiwa makusudi, zikatiwa ukungu, chembe na makovu ya JPEG, kisha ikajifunza kuzirudisha. Ukiipa picha ndogo inakisia kingo zingekuwaje kama picha ingekuwa kubwa.

```
realesrgan-ncnn-vulkan -i mama.png -o mama-4x.png -n realesrgan-x4plus
```

Pikseli 832 kwa 1216 zikawa 3328 kwa 4864. Kwenye ubao, ambako mwanamke ana kimo cha mita 1.2, hizo ni pikseli 103 kwa inchi. Mtu wa mita 3 anahitaji 29. Tumemaliza, na tumebakiwa na akiba.

Lakini angalia nilivyoupanga ubao ule. Mama alitaka picha ijaze mita zote 4.8. Kama ningekubali, upana wa pikseli 832 ungenyooshwa kwenye mita 4.8, na hata baada ya kukuza mara nne tungebaki na 17 au 18 kwa inchi, chini ya kinachohitajika. Isitoshe, mwanamke angekatwa akabaki macho na paji la uso. Nikamwachia mwanamke sentimita 82 upande mmoja, na sehemu nyingine yote nikaitia rangi nyekundu ya leso yake, jina la duka, na pindo lililochorwa kwa mistari ndani ya CorelDRAW. Mistari ya namna hiyo haina pikseli. Unaweza kuikuza hadi ukubwa wa jengo na itabaki mikali. Uamuzi huo mmoja ulitupandisha kutoka 17 hadi 103 bila programu yoyote mpya, na ndiyo sababu nasema upangaji huja kabla ya kukuza.

Njia hii ina kasoro ambayo ni lazima uijue kabla hujailipia karatasi. Kwa kuwa ilifunzwa kufuta chembe, haiwezi kutofautisha sana kati ya chembe za uchafu na uzi wa kitambaa. Vyote inavilainisha. Shavu linakuwa kama plastiki, nyusi zinageuka kuwa ukanda mmoja uliopakwa kwa brashi, na umbile la nyuzi za pamba linatoweka. Utaitambua ukifungua faili na kulitazama kwa ukubwa wake halisi: kingo ni kali mno, lakini ndani ya kingo hamna kitu. Kwa mita 3 hakuna mtu atakayeona. Kwa mita moja, mwenye kuuza vitambaa ataona kabla ya mwingine yeyote, maana biashara yake yote ni kujua kitambaa kwa macho.

Jambo la pili ni maandishi. Leso ina pindo, ina mji, na ina jina. Akili bandia ilikuwa imeandika jina kwenye leso ya yule mwanamke, na kwenye simu lilionekana kama maneno. Baada ya kukuza mara nne, yakajitokeza maumbo yaliyonyooka vizuri, meusi, yasiyosomeka kwa lugha yoyote. Programu inanoa inachokiona. Kosa dogo lenye ukungu hugeuka kuwa kosa kubwa lililo wazi. Vivyo hivyo kwa vidole. Siku moja, kwa kazi nyingine, nilituma kuchapwa picha ya mkono ulioshika chetezo bila kuhesabu vidole. Kwenye simu kosa halikuonekana. Kwenye kioo cha karibu mita mbili, kidole cha sita kilikuwa kikubwa kuliko mkono wangu mwenyewe, na gharama ya kuchapa upya niliibeba mimi. Tangu hapo nahesabu vidole kwenye faili dogo, nasahihisha sehemu ile tu, kisha ndipo nakuza. Kusahihisha baada ya kukuza ni kazi mara kumi na sita, maana kila pikseli moja imezaa kumi na sita.

Kwa leso ya Mama tulilifuta lile jina bovu kwenye picha ya awali, mahali pake pakawa mkunjo wa kitambaa. Chini ya miguu ya mwanamke nikaandika kwa herufi za mistari jina alilolichagua Mama mwenyewe: *Mgeni njoo, mwenyeji apone*.

Njia ya tatu: kuchora upya kwa vigae

Tukabaki na dirisha. Njia ya pili ilitupa pikseli 69 kwa inchi, pungufu ya 87, na zenyewe zilikuwa laini kama plastiki. Hapa ndipo njia ya tatu inapostahili taabu yake.

Picha inakuzwa kidogo, kisha inakatwa vigae, na kila kigae kinarudishwa kwa ile ile akili bandia iliyochora picha ili ikichore tena kwa kukifuata. Kiendelezi kinachotumika sana katika programu za kuendesha SDXL kinaitwa Ultimate SD Upscale. Tofauti na njia ya pili, hii inaleta kitu kipya kweli: vinyweleo kwenye ngozi, uzi kwenye pamba, punje kwenye chokaa ya baraza. Inavibuni, ndiyo, lakini inavibuni kwa ufasaha kuliko ulaini ule.

Nilikuza mara mbili tu, hadi 1664 kwa 2432. Kwa vigae vya 1024 hiyo ni vigae sita, viwili kwa upana na vitatu kwa urefu. Kisha matokeo nikayapitisha kwenye Real-ESRGAN mara nne, yakafika 6656 kwa 9728. Kwenye dirisha la mita 1.8 hizo ni pikseli 137 kwa inchi. Mtu wa mita moja anatoshelezwa, na anayesogea hadi sentimita 65 bado haoni pikseli. Mpangilio huu una sababu: umbile la nyuzi na ngozi linazaliwa kwanza picha ikiwa ndogo, na mkuzaji wa pili akilikuta tayari ni kubwa na dhahiri haliiti uchafu, basi analihifadhi. Ukianza na Real-ESRGAN, utakuwa na vigae vingi sana vya kuchora, na kila kimoja kitakuwa na kipande kidogo mno cha picha kuweza kujua ni cha nini.

Kitasa cha kuangalia kinaitwa `Denoising strength`. Kinaamua ni kiasi gani cha kigae kisahauliwe na kuchorwa upya. Mimi hubaki kati ya 0.2 na 0.35. Chini ya hapo huoni tofauti. Ukifika 0.5 mambo yanaharibika kwa namna ya kushangaza: kwa kuwa maelezo uliyoandika yanasema "mwanamke wa Pwani aliyejitanda leso", kila kigae kinajaribu kumchora mwanamke mzima. Unakuta kijiuso ndani ya mkunjo wa nguo, jicho kwenye kiwiko. Kwa hiyo maelezo ya hatua hii yabadilishe. Mwondoe mtu, bakisha umbile la vitu tu: kitambaa cha pamba, ngozi, mwanga wa asubuhi. Halafu kagua maungio ya vigae, hasa kwenye ukuta mtupu na anga, ambako tofauti ndogo ya rangi huonekana kama mstari ulionyooka.

Gharama yake ni muda na mashine. Unahitaji kadi ya michoro yenye kumbukumbu ya GB 8 hivi, au ulipie huduma ya mtandaoni. Na kuna gharama ya uaminifu: sura inaweza kubadilika kidogo. Kwa mwanamke ambaye hayupo duniani si neno. Kwa picha ya mwenye duka mwenyewe, au ya bidhaa ambayo mteja atakuja kuidai kama alivyoiona, nisingeitumia kabisa. Nakshi ya leso ya kuuzwa piga picha ya leso yenyewe, iliyotandazwa kivulini. Simu ya kawaida inakupa pikseli 4000 kwa 3000, zote za kweli.

Uliza kioo kitabandikwa nini

Kabla ya kuhangaika na njia ya tatu, muulize fundi aina ya stika. Kama ni ile ya matundu, inayoonekana picha kutoka nje huku ndani mtu akiona barabara, matundu yake huwa na upana wa kama milimita 1.6. Chochote chembamba kuliko tundu kinaangukia ndani yake na kupotea. Kwenye stika hiyo vinyweleo na uzi wa pamba ni kazi bure, na faili la njia ya pili linatosha. Mama alitaka stika nzima isiyo na matundu, ndiyo maana tulikwenda mbali.

Faili la dirisha, likifunguliwa, lina karibu MB 195. Nililipeleka kwa flashi. Ukilituma kwa WhatsApp kama picha, linapunguzwa njiani na kazi yote ya vigae inamwagika. Litume kama hati.

Na kabla ya kuchapa lote, nilikata kipande cha uso na bega, pikseli 1600 kwa 2200, kinachotoshea karatasi ya A3 kwa ukubwa ule ule wa dirishani. Tulikibandika kwenye kioo cha duka kwa gundi ya karatasi. Mama akakitazama kutoka mlango wa jirani, kisha akasogea hadi pua ikakaribia kioo, akapitisha kidole kwenye bega la yule mwanamke mahali leso ilipojikunja.

"Hii ni pamba," akasema. "Kachape."